Kontroli Kabla ya Kidole

Asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajachomwa kidole, muuguzi wa kliniki ya kisukari huanza na vichupa viwili vya kontroli. Ni kimiminika kilichotiwa kiasi maalumu cha sukari kiwandani, kimoja cha kiwango cha chini na kingine cha juu. Mashine ikivisoma vyote inavyotakiwa, ndipo inapoguswa damu ya mtu.

Majibu hayatarajiwi kuwa namba moja isiyobadilika. Kwenye lebo ya kopo la stripu huchapishwa mipaka, na jibu lolote lililo ndani yake hukubaliwa. Mipaka hiyo ni ya bachi ile ya stripu tu, wala haihusiani na sukari anayotakiwa kuwa nayo mgonjwa. Bachi ikibadilika, mipaka nayo huweza kubadilika; ndiyo maana karatasi ya mwaka jana iliyobandikwa ukutani ni hatari kuliko kutokuwa na karatasi kabisa.

Tuseme lebo inasema kontroli ya juu isomeke kati ya 14.4 na 19.5 milimoli kwa lita. Muuguzi anatikisa kichupa taratibu, anamwaga tone la kwanza, anafuta ncha, kisha anatumia la pili. Mashine inasoma 20.3. Kontroli ya chini imetoka sawa.

Hapa ndipo wengi hurudia na kurudia mpaka namba nzuri itokee, wakaiandika hiyo peke yake. Utaratibu unataka majibu yote yaingie daftarini, na mashine isipime mgonjwa hadi sababu ijulikane. Muuguzi anarudia mara moja kwa stripu mpya: 20.1. Stripu ni zilezile zilizosoma kontroli ya chini vizuri, kwa hiyo anakishuku kichupa. Tarehe ya kufunguliwa iliyoandikwa kwa kalamu inaonyesha miezi minne imepita, ilhali kontroli nyingi huisha muda miezi mitatu baada ya kufunguliwa. Maji yamekuwa yakipungua kwa mvuke kila kifuniko kinapofunguliwa, na sukari iliyobaki imekolea. Kichupa kipya kinasoma 16.8.

Kama nacho kingegoma, angefungua kopo jipya la stripu, maana kopo lililoachwa wazi huingiza unyevu unaoharibu kimeng'enya kilichomo. Na hilo likishindwa, mashine hutolewa kazini.

Kipimo hiki hurudiwa pia kopo jipya linapofunguliwa, mashine inapoanguka, au jibu linapopingana na hali ya mgonjwa. Hata hivyo, kontroli haioni kila kitu. Mgonjwa aliyetoka kumenya embe bila kunawa huweza kuonekana na sukari ya juu mno kwenye mashine iliyofaulu asubuhi. Huyo ananawa kwa maji na sabuni, anakauka, na kupimwa upya.