Kumjibu mteja aliyekasirika

Mama mmoja wa Bukavu aliagiza nguo kumi na mbili za kitenge kwa ajili ya arusi ya jumamosi. Jumatano asubuhi alikuwa amepata nane tu. Akamwandikia mwenye duka la ushonaji: «Kama kesho sina nguo zangu, nitaweka jina lenu Facebook, mji wote ujue.»

Jibu la kwanza lililotungwa lilikuwa hili: «Pole kama umeudhika, lakini nguo zilichelewa kwa sababu ya umeme. Tafadhali usituchafulie jina.»

Tulichunguze jibu hili kwa jicho la lugha. Neno «kama» linatilia shaka hasira ambayo mteja ameitamka waziwazi. «Lakini» linafuta pole iliyotangulia. Katika «nguo zilichelewa», kiima ni nguo, kana kwamba zilijichelewesha zenyewe, mtendaji amefichwa. Sentensi ya mwisho inamwonyesha mteja kwamba duka linahangaikia jina lake kuliko arusi.

Mwenye duka hakulituma. Alimwuliza kwanza fundi kazi imefikia wapi, kisha akaandika:

«Jambo Mama. Ulituagiza nguo kumi na mbili, tumekupa nane. Tumekuchelewesha, na tunaomba msamaha. Nguo mbili zimekwisha kushonwa. Utazipata leo saa kumi za mchana. Mbili za mwisho tutazileta nyumbani kwako kesho saa sita, bila malipo ya usafiri, na fundi atakuja nazo ili arekebishe isiyokaa vizuri. Ukiona heri kurudishiwa pesa za hizo mbili, tutazirudisha leo. Unachagua lipi?»

Hapa kiima ni «tu-»: duka linabeba kosa lake. Msamaha umeombwa mara moja tu, kwa maana ukirudiwarudiwa unachukua nafasi ya suluhisho. Kila ahadi ina saa yake, na swali la mwisho linampa mteja uamuzi, naye alikuwa akitisha kwa sababu hakuwa na uamuzi wowote mkononi.

Tisho lenyewe halikutajwa. Kulijibu kungegeuza mazungumzo kuwa ubishi juu ya Facebook. Tena, kusema «tutakurudishia pesa usipoandika» ni kununua kimya, na mteja anaweza kuyatangaza maneno hayo yenyewe. Ana haki ya kusimulia yaliyompata. Anachodai dukani ni nguo.

Njia hii ina mipaka yake. Saa iliyotajwa bila kumwuliza fundi itazaa kosa la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Mteja akidai jambo lisilo kweli, usikiri kosa usilolifanya: taja tarehe na idadi iliyo kwenye risiti, kisha sema unachoweza kufanya. Na akiandika hadharani hata hivyo, mjibu papo hapo kwa sentensi mbili, kosa na suluhisho, bila kuanika bei wala vipimo vyake mbele ya watu.