Kuhesabu Marudio Bila Daftari la Pembeni

Tuseme programu ya duka la viatu inaweka kila saizi inayouzwa ndani ya mti wa kutafutia. Kila nodi ya mti hubeba namba moja. Namba mpya ikiwa ndogo kuliko ile ya nodi, au ikiwa sawa nayo, huteremka kushoto. Ikiwa kubwa, huteremka kulia. Leo zimeuzwa jozi tisa kwa mfuatano huu: 41, 39, 43, 41, 39, 42, 43, 41, 43. Mwenye duka anataka kujua saizi iliyotoka zaidi.

Wengi hukimbilia kufungua daftari la pembeni, yaani jedwali linaloandika kila saizi na idadi yake. Jibu litapatikana, ila mti wenye namba milioni moja tofauti utadai jedwali la mistari milioni moja, na kazi kubwa ya kupanga namba hizo mti ulishaifanya.

Wengine hulinganisha kila nodi na watoto wake wawili, na hapo ndipo wanapopotea. Katika mti wetu 41 ya kwanza ndiyo mzizi, lakini mtoto wake wa kushoto ni 39. Ile 41 ya pili ilipofika ilipelekwa kushoto, ikakutana na 39, na kwa kuwa ni kubwa kuliko hiyo ikakaa kulia kwake. Namba zinazofanana, basi, si lazima zigusane ndani ya mti.

Zinagusana ukiutembelea mti kwa utaratibu: kwanza upande wote wa kushoto wa nodi, kisha nodi yenyewe, halafu upande wa kulia, na vivyo hivyo kwa kila nodi. Namba zitatoka zikiwa zimepangwa: 39, 39, 41, 41, 41, 42, 43, 43, 43. Sasa kinachohitajika ni kukumbuka namba iliyopita, idadi ya marudio yake hadi sasa, kilele kilichofikiwa, na orodha ya washindi. Kila namba inapotoka, hupokelewa hivi:

```python
iliyopita, idadi, kilele, washindi = None, 0, 0, []

def pokea(n):
    global iliyopita, idadi, kilele, washindi
    idadi = idadi + 1 if n == iliyopita else 1
    iliyopita = n
    if idadi > kilele:
        kilele, washindi = idadi, [n]
    elif idadi == kilele:
        washindi.append(n)
```

Tufuate namba zetu. Baada ya 39 mbili, kilele ni 2 na mshindi ni 39 peke yake. Inakuja 41 ya kwanza, idadi inarudi 1. Ya pili inafikia kilele, kwa hiyo 41 inaungana na 39 kwenye orodha. Ya tatu inakivuka: orodha inafutwa na kuanza upya na 41 tu. Kufuta huku ndiko kunakozuia namba moja kuandikwa mara mbili. Saizi 42 inapita bila kishindo, kisha 43 ya tatu inafikia kilele cha 3. Jibu ni 41 na 43.

Orodha hiyo nayo ina hila yake. Kama namba zote ni tofauti isipokuwa ya mwisho iliyojirudia mara mbili, orodha itajaa karibu mti mzima kabla ya kufutwa. Anayebana kumbukumbu kwelikweli huupitia mti mara mbili: kwanza kutafuta kilele, kisha kukusanya waliokifikia.

Gharama nyingine imejificha kwenye kuteremka kwenyewe. Kazi inayojiita yenyewe hula kumbukumbu kadiri mti ulivyo mrefu, na marudio ndiyo yanayourefusha: kila 41 mpya hufuata njia ileile ya wenzake na kukaa chini yao wote. Saizi moja ikiuzwa mara 2,000, mti usiosawazishwa utakuwa na kina kisichopungua 2,000, ilhali Python kwa kawaida hukomea kina cha 1,000 na kutoa `RecursionError`. Mbinu aliyoichapisha J. H. Morris mwaka 1979 huepuka hilo kwa kuazima viungo vitupu vya kulia kama njia ya kurudia juu, kisha kuvirejesha vilivyokuwa. Isitumike pale ambapo programu nyingine inausoma mti huohuo wakati huohuo.

Kosa linalojirudia zaidi ni kupima kilele pale tu namba inapobadilika. Baada ya 43 ya mwisho hakuna namba nyingine, kwa hiyo kundi lake halipimwi kamwe, na programu inajibu 41 pekee bila kulalamika. Ukiijaribu yako, ipe mti ambao mshindi wake ni namba kubwa kuliko zote.