Je, wajua? Seva ya barua huulizwa jina lake kinyumenyume

Aghalabu Oktoba, wakulima wa chai wa KTDA kule Kericho na Bomet wanapoisubiri bonasi, vyama vya akiba na mikopo huwa na barua nyingi za kutuma: taarifa za akaunti, salio la mkopo, makato. Tuseme kuna chama kimoja Litein chenye seva yake ya barua, Postfix juu ya Linux, ambayo imefanya kazi miaka mingi bila kelele. Chama kinabadilisha laini ya intaneti. Fundi anafunga ruta mpya, anawasha toleo la sita la IP, anapima kasi na kwenda zake. Seva haikuguswa na mtu. Wiki ya pili malalamiko yanaanza: mwanachama wa Kapkatet amepata taarifa yake, jirani yake hakupata, na wote wawili wanatumia Gmail. Barua ileile ikitumwa tena, safari hii inafika.

Ofisi nyingi zingeanza kuilaumu Gmail, au seva, au mvua. Kosa liko kwingine, na dalili yake ni huko kufika na kutofika kusikoeleweka.

Wengi huamini kwamba toleo la sita haliihusu seva ya barua mpaka wao wenyewe waandike rekodi ya AAAA kwenye jina la seva yao. Hilo ni kweli kwa kupokea tu. Kwa kutuma, seva iliyogawiwa anwani ya toleo la sita na ruta huanza kuitumia papo hapo bila kuomba ruhusa. Postfix, isipoelekezwa vingine, huchagua kwa bahati nasibu kati ya toleo la nne na la sita kila inapofungua mazungumzo na seva inayokubali yote mawili. Ikishindwa kabisa kuunganishwa kwa njia moja, hujaribu ya pili. Lakini Gmail haikatai kuunganishwa. Hufungua mlango, husikiliza barua hadi nukta ya mwisho, ndipo hujibu kwa msimbo unaoanza na 550. Tarakimu 5 mwanzoni humaanisha uamuzi ni wa mwisho. Postfix hutii: huirudisha barua kwa mtumaji wala haijaribu tena kwa toleo la nne, ambako ingepokelewa. Ndiyo maana baadhi ya barua hupita na nyingine hurudi.

Kwenye kumbukumbu za seva, msimbo wa kutafuta ni 550-5.7.25, au 550-5.7.1 wenye maneno haya:

```
does not meet IPv6 sending guidelines regarding PTR records and authentication
```

Mbona ukali huu? Kwa sababu ya wingi. Anwani zote za toleo la nne duniani hazifiki bilioni 4.3, na watu wa kupambana na barua taka waliweza kuweka orodha ya zile chafu, moja moja. Toleo la sita limeivunja mbinu hiyo. Laini moja ya kawaida hupewa angalau fungu la /64, lenye anwani zaidi ya trilioni milioni 18. Mtumaji taka anaweza kutumia anwani mpya kwa kila barua na asiirudie maisha yake yote. Spamhaus, waweka orodha maarufu, waliamua kuorodhesha kwa /64 nzima badala ya anwani moja, na uamuzi huo una madhara yake: anayekodi seva pepe kwa kampuni inayowabana wateja wengi ndani ya /64 moja hubeba dhambi za majirani asiowajua.

Kwa hiyo watoa huduma wakubwa waligeuza swali. Badala ya kuuliza kama anwani hii imewahi kufanya ubaya, wanauliza kama kuna mtu yeyote aliyejitokeza kusema ni yake. Jibu hutafutwa kwenye rekodi ya kinyume, iitwayo PTR, inayotoka kwenye anwani kwenda kwenye jina.

Hapa ndipo penye utamu. Katika toleo la nne rekodi ya kinyume haikuthibitisha mengi, maana mtoa huduma aliweza kuzijaza zote kwa programu. Fungu la /24 lina anwani 256 tu, na kila moja hupewa jina lisilo na maana lililoundwa kwa tarakimu zake. Katika toleo la sita hakuna faili linaloweza kubeba majina ya /64 moja. Anwani karibu zote huachwa tupu. Rekodi ikionekana, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu aliketi akaiandika makusudi kwa ajili ya mashine fulani. Utupu wenyewe umekuwa kichujio: kompyuta ya nyumbani iliyoambukizwa virusi haina rekodi, na huishia hapo.

Kuwa na jina pekee hakutoshi. Gmail hulichukua lile jina, hulitafutia anwani yake, na anwani hiyo lazima iwe ileile iliyopiga simu. Ni kama karani wa kituo cha kununulia majani anayetaka namba ya mkulima impeleke kwenye jina, na jina limrudishe kwenye namba ileile, la sivyo harekodi kilo.

Tuiandike basi rekodi ya chama chetu. Anwani ya seva, kwa mfano tu, ni 2001:db8:4b1:10::25, na jina lake barua.chama.example. Kwanza anwani hukunjuliwa ikapata tarakimu zake zote 32, sifuri zilizofichwa zikiwemo: 2001:0db8:04b1:0010:0000:0000:0000:0025. Kisha husomwa kutoka mwisho, tarakimu moja moja ikitengwa kwa nukta, na mwishoni huongezwa ip6.arpa:

```
5.2.0.0.0.0.0.0.0.0.0.0.0.0.0.0.0.1.0.0.1.b.4.0.8.b.d.0.1.0.0.2.ip6.arpa. PTR barua.chama.example.
```

Anayeandika mstari huu kwa mkono atasahau sifuri moja, na rekodi itakuwa ya anwani ambayo haipo. Ni heri kuiachia programu ya dig kazi ya kugeuza, halafu kupima pande zote mbili:

```
dig -x 2001:db8:4b1:10::25 +short
dig AAAA barua.chama.example +short
```

Amri ya kwanza irudishe jina, ya pili irudishe anwani. Zisipolingana, kazi haijaisha.

Tatizo ni kwamba chama hakina mamlaka ya kuandika rekodi hiyo popote kinapopenda. Jina chama.example ni lake, lakini upande wa kinyume ni wa mwenye fungu la anwani. AFRINIC, sajili ya Afrika yenye makao Mauritius, hugawa kutoka fungu kubwa la 2c00::/12. Mtoa huduma wa Kenya hupewa kipande chake, na mteja hupewa kipande ndani ya kipande. Mamlaka ya kinyume hushuka kwa njia hiyohiyo. Mtoa huduma lazima kwanza asajili seva zake za DNS kwa AFRINIC, kisha ama aandike rekodi ya mteja mwenyewe ama amkabidhi mteja ukanda wa /48 yake, ambao kwa mfano wetu ni 1.b.4.0.8.b.d.0.1.0.0.2.ip6.arpa.

Mnyororo huu hukatika mara nyingi, na ni rahisi kuona ulipokatikia. Amri `dig +trace -x` huonyesha kila ngazi. Ikiishia kwenye seva za AFRINIC, mtoa huduma hajasajili chochote. Ikifika kwenye seva za mtoa huduma ndipo ikajibiwa NXDOMAIN, amesajili lakini hajaandika rekodi ya mteja. Matokeo hayo yabandikwe kwenye barua ya malalamiko, maana anayepiga simu dawati la wateja na kuomba rekodi ya kinyume ya toleo la sita mara nyingi huambiwa azime ruta na kuiwasha tena. Ni aibu. Tangu Januari 2020 AFRINIC haitoi zaidi ya /22 ya toleo la nne kwa ombi moja, yaani anwani 1,024, hivyo kila mwenye biashara ya intaneti anajua njia inaelekea wapi. Kuuza toleo la sita bila kuandaa upande wa kinyume ni kuuza nusu ya bidhaa.

Ule ujumbe wa Gmail ulitaja pia uthibitisho wa mtumaji, na hapo ndipo inapoingia rekodi ya SPF. Hii ni rahisi zaidi, kwani inakaa kwenye jina la chama chenyewe. Ni mstari wa maandishi unaotaja anwani zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo. Ya chama chetu ilitaja toleo la nne tu na kumalizia na `-all`, kwa hiyo barua zote za toleo la sita zilikuwa zikijitangaza zenyewe kuwa za kughushi. Sahihi ni hii:

```
v=spf1 ip4:192.0.2.25 ip6:2001:db8:4b1:10::25 -all
```

Kosa linalopendwa ni kuacha mstari wa zamani na kuongeza wa pili wa toleo la sita chini yake. Kanuni, iliyochapishwa 2014 kama RFC 7208, inasema mistari miwili inayoanza na `v=spf1` ni kosa la kudumu, na yote miwili inakuwa bure. Kosa jingine ni kuruhusu /48 nzima kwa uvivu, hadi kompyuta ya mapokezi ikawa na ruhusa ya kutuma kwa jina la chama.

Linabaki jambo moja lenye hila. Kadi moja ya mtandao inaweza kuwa na anwani kadhaa za toleo la sita: iliyoandikwa kwa mkono, iliyojitengeneza kutokana na tangazo la ruta, na pengine ya muda inayobadilika kila siku. Mfumo unaweza kuchagua yoyote wakati wa kutuma, na rekodi ya kinyume iliyohangaikiwa ikawa ya anwani isiyotumika. Postfix hufungwa kwenye anwani moja hivi:

```
smtp_bind_address6 = 2001:db8:4b1:10::25
```

Mafundi wengi hawafiki hapa. Huandika `inet_protocols = ipv4`, huanzisha Postfix upya, barua hupita, na suala husahauliwa. Kama dawa ya siku mbili wakati mtoa huduma anasukumwa, inakubalika. Iliyo bora ni `smtp_address_preference = ipv4`, ambayo hutanguliza toleo la nne bila kuzima la sita. Lakini kujificha nako kunaisha: tangu Februari 2024 Gmail inadai rekodi ya kinyume inayolingana, pamoja na SPF au sahihi ya DKIM, kwa kila mtumaji na kwa toleo lolote. Microsoft nao hudai mambo hayohayo kwa barua zinazowafikia kwa toleo la sita. DKIM iwekwe pia, kwa sababu SPF huvunjika barua inapopitishwa kutoka sanduku moja kwenda jingine.

Rekodi ya kinyume ikishapatikana haiishii kwenye barua: majina husomeka kwenye traceroute ya kutafuta wapi laini ya Bomet imekatika, kwenye ripoti za matumizi mabaya, na kwenye orodha ya vifaa vya ofisi.