Asali imeganda, akaunti imefungwa

Barua ya rufaa ya muuzaji aliyefungiwa akaunti, kwetu, huanza na "Husika na somo tajwa hapo juu". Inafuata ada ya watoto, mkopo wa kikundi na miaka ya uaminifu, kisha "natanguliza shukrani". Adabu yote imo. Kinachokosekana ni jibu la tuhuma.

Tuseme yupo muuzaji wa asali Handeni. Ananunua kwa warinaji, anachuja, anafungasha lita moja moja na kuuza mtandaoni kwa shilingi 20,000. Mizigo ya Arusha inapanda basi kupitia Korogwe. Mwezi Julai wateja watatu wa Arusha wanalalamika kuwa asali imeganda, hivyo imechanganywa na sukari. Soko la mtandaoni linafunga akaunti kwa kosa la "bidhaa isiyo halisi" na kuzuia malipo ya oda zote 32, yaani shilingi 640,000.

Hapo kuna mambo mawili, akaunti na fedha, na kila moja linahitaji hoja yake.

Tuanze na tuhuma. Asali huganda kwa sababu glukosi iliyomo hujitenga na kufanya chembe, na hali ya hewa ya nyuzi joto 14 hivi ndiyo huiharakisha zaidi. Usiku wa Julai Arusha hufika huko kirahisi. Handeni kwenye joto, asali hiyohiyo ingekaa majimaji muda mrefu. Lakini muuzaji asivuke mpaka: kuganda hakuthibitishi kuwa asali ni safi, kunaonyesha tu kwamba malalamiko hayatoshi kuwa ushahidi. Kinachotakiwa ni majibu ya maabara. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu sukrosi isiyozidi gramu 5 katika kila gramu 100 kwa asali nyingi, na ikizidi hapo kuna maswali. Hata hivyo kipimo hicho peke yake hakinasi kila udanganyifu, maana zipo sharubati zisizo na sukrosi nyingi, kwa hiyo maabara iulizwe imepima nini hasa. Video ya kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali, inayopendwa sana mitandaoni, haisaidii kitu.

Sampuli nayo iwe ya mkupuo uleule uliolalamikiwa. Asiyeweka akiba ya chupa moja iliyofungwa kwa kila mkupuo hana cha kupeleka maabara. Atabaki na maneno yake.

Kwenye fedha, kosa la kawaida ni kudai zote kwa mpigo. Soko huzuia malipo kwa kuhofia kwamba wateja watadai kurudishiwa pesa wakati muuzaji keshazitoa. Hofu hiyo ijibiwe kwa hesabu. Oda 25 wateja wamethibitisha kupokea: shilingi 500,000. Nne zimefika stendi ila wateja hawajazithibitisha kwenye soko: 80,000. Tatu zina malalamiko: 60,000. Barua ikisema hivi, msomaji wake ana pa kushika:

"Naomba 500,000 za oda zilizopokelewa ziachiwe sasa. Kwa 80,000 naambatisha risiti za basi na ujumbe wa wapokeaji. 60,000 zibaki hadi malalamiko yaamuliwe. Majibu ya maabara ya mkupuo uliolalamikiwa yameambatishwa. Kuanzia sasa kila chupa ina lebo ya namba ya mkupuo na maelezo ya kuganda. Naomba kujua tarehe ambayo fedha zilizobaki zitaamuliwa."

Risiti ya basi ndiyo sehemu dhaifu. Mara nyingi imeandikwa kwa mkono, ina namba ya gari na jina la mpokeaji, basi. Soko linataka namba ya kufuatilia mzigo. Huduma ya EMS ya Shirika la Posta inayo namba hiyo, na kwa mteja wa mbali inafaa kuilipia hata kama basi ni rahisi.

Kuzuiliwa malipo si jambo la hapa tu. Mwaka 2023 wauzaji wadogo wa Uingereza walilalamika hadharani kuwa Etsy iliwazuilia hadi asilimia 75 ya mauzo kwa siku 45, na baadaye kampuni ikalegeza masharti.

Malipo yakizuiwa, wengi hukimbilia Benki Kuu. Inafaa ikiwa anayeshikilia fedha ni mtoa huduma za malipo anayesimamiwa nayo, na baada ya kulalamika kwake kwanza. Fedha zikiwa kwa soko lenyewe, cha kwanza kusomwa ni mkataba uliokubaliwa siku ya kujisajili, hasa kifungu kinachotaja siku za kuzuia malipo. Siku hizo zikiwa hazijaisha, barua ya pili isiyo na ushahidi mpya itapata jibu lilelile la kwanza. Zikiisha, barua iwe fupi: namba ya shauri, kifungu, tarehe, kiasi.