Debiti na krediti: Kwa nini mali na matumizi hukaa kushoto, madeni na mapato kulia?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhasibu aliyepanga chumba Rahaleo, Mtwara, anafungua daftari lake usiku na kukuta sheria hii: mali na matumizi huongezeka kwa debiti, madeni na mapato huongezeka kwa krediti. Anaikariri. Kesho yake anaangalia taarifa yake ya benki na kuona pesa aliyotumiwa na mzazi imeandikwa kwenye safu ya krediti. Sasa pesa si mali? Mbona imewekwa krediti?

Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Tatizo ni kukariri kwamba debiti ni kupungua na krediti ni kuongezeka, au debiti ni mbaya na krediti ni nzuri. Hayo si maana yake. Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti, krediti ni upande wa kulia. Basi.

Swali la kweli ni moja tu: nani aliamua mali ikae kushoto?

Ilianza na daftari la mkopo

Mwaka 1494, mtawa na mwanahisabati wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha kitabu mjini Venisi kilichoeleza namna wafanyabiashara wa huko walivyoandika hesabu zao. Hakubuni yeye mfumo huo, aliuandika tu ukiwa tayari unatumika.

Maneno yenyewe yana asili ya Kilatini. Debiti inatokana na neno la kudaiwa, krediti inatokana na neno la kuamini. Fikiria daftari la mkopo la duka la mtaani. Mteja akichukua sukari bila kulipa, anadaiwa, na jina lake linaandikwa upande wa wadaiwa. Muuzaji wa jumla akileta mzigo kwa kuamini kwamba atalipwa, naye anaandikwa upande wa walioamini.

Anayedaiwa na duka ni mali ya duka, kwa sababu pesa yake itakuja. Aliyeliamini duka ni deni la duka. Kwa hiyo mali ikaenda kushoto na madeni yakaenda kulia. Kuchagua kushoto ni mazoea tu, ingeweza kuwa kinyume. Ila ukishachagua, mengine yote yanafuata yenyewe.

Mlinganyo unaobeba kila kitu

Kila kitu kilichomo kwenye biashara kimetoka mahali: ama kimekopwa, ama ni cha mwenyewe. Ndiyo maana:

```
Mali = Madeni + Mtaji
```

Mali iko kushoto, inaongezeka kwa debiti. Madeni na mtaji viko kulia, vinaongezeka kwa krediti. Kupungua ni kwenda upande wa pili.

Mapato je? Ukiuza, mtaji wa mwenyewe unakua. Mtaji uko kulia, hivyo mapato nayo yanaandikwa kulia. Matumizi hufanya kinyume: yanapunguza mtaji. Kitu cha kulia kikipungua huandikwa kushoto. Kumbe matumizi hayakuwekwa kushoto kwa sababu ni mali. Yako kushoto kwa sababu yanakula mtaji.

Tungeweza kuandika mapato na matumizi moja kwa moja kwenye akaunti ya mtaji, na hesabu ingekubali. Tunayatenga ili mwisho wa mwezi tuone faida ilitoka wapi na pesa imeliwa na nini.

Mfano: kibanda cha korosho

Chukua biashara ya kubuni ya dada anayeuza korosho za kukaanga Rahaleo.

Kwanza, anatoa pesa yake 500,000 na kuanza biashara. Taslimu imeongezeka, debiti 500,000. Mtaji umeongezeka, krediti 500,000.

Pili, anachukua korosho zilizobanguliwa za 300,000 kwa mkopo. Bidhaa ni mali, debiti 300,000. Deni la mbanguaji, krediti 300,000.

Tatu, analipa kodi ya kibanda ya mwezi huo 60,000 taslimu. Kodi ni matumizi, debiti 60,000. Taslimu imepungua, krediti 60,000.

Nne, anauza nusu ya korosho kwa 240,000 taslimu. Taslimu debiti 240,000, mapato krediti 240,000. Lakini korosho alizonunua kwa 150,000 zimeondoka. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni matumizi, debiti 150,000. Bidhaa zimepungua, krediti 150,000.

Sasa jumlisha mabaki. Kushoto kuna taslimu 680,000, bidhaa 150,000, kodi 60,000 na gharama ya bidhaa 150,000. Jumla ni 1,040,000. Kulia kuna mtaji 500,000, deni 300,000 na mapato 240,000. Jumla ni 1,040,000.

Faida yake ni mapato 240,000 kutoa matumizi 210,000, yaani 30,000. Ihamishie kwenye mtaji, unakuwa 530,000. Mali zilizobaki ni 830,000, sawa na deni 300,000 na mtaji 530,000. Mlinganyo umerudi palepale.

Angalia pia korosho zile. Zikiwa kwenye kibanda zilikuwa mali. Zilipouzwa zikageuka matumizi. Thamani imehama kutoka akaunti moja ya kushoto kwenda nyingine ya kushoto. Kwa maneno mengine, matumizi mengi ni mali iliyokwisha kazi.

Na ile taarifa ya benki?

Taarifa ya benki ni daftari la benki, si lako. Ukiweka 100,000, benki imepata taslimu, lakini pia inadaiwa na wewe 100,000. Kwake wewe ni mdai, yaani deni, na deni huongezeka kwa krediti. Kwenye daftari lako, benki ndiyo inayodaiwa, hivyo pesa ileile ni mali na unaiandika debiti.

Muamala ni mmoja, madaftari ni mawili. Kabla ya kuandika chochote jiulize: hili ni daftari la nani?

Mizani ikikubali, usishangilie fasta

Pande mbili zikilingana maana yake ni kwamba kila debiti ilipata krediti yake. Haithibitishi kwamba umeweka kwenye akaunti sahihi. Ukiandika kodi ya 60,000 kama mali badala ya matumizi, zote ziko kushoto, jumla itabaki 1,040,000. Ila faida itasomeka 90,000 badala ya 30,000, na yule dada anaweza kula pesa asiyokuwa nayo.

Ukigeuza muamala mzima, debiti ikawa krediti na krediti ikawa debiti, jumla zitalingana vilevile. Njia ya kushtuka ni kuangalia baki la kila akaunti liko upande gani. Taslimu ya kwenye droo haiwezi kuwa na baki la kulia, kwa sababu huwezi kutoa noti ambazo hazimo. Kodi yenye baki la kulia nayo ingemaanisha mwenye kibanda ndiye anayemlipa mpangaji. Ukikuta hivyo, rudi kwenye miamala ya akaunti hiyo mmoja mmoja, kosa liko humo.