Mashine ya kupukuchua mahindi: mapato yashuke hadi wapi kabla mkopo haujakulemea?

Hapa Makongolosi mvua ni msimu mmoja tu, kwa hiyo mashine ya kupukuchua mahindi inapata kazi miezi michache na mkopo unalipwa mwaka mzima. Kabla ya kusaini, tupige hesabu hii. Tarakimu ni za mfano, weka za kwako.

Mashine ni sh. 4,000,000, za mkopo wa miaka mitatu, riba asilimia 20 kwa mwaka kwenye deni linalobaki. Ukilipa sawasawa, rejesho ni kama sh. 1,900,000 kwa mwaka.

Unategemea magunia 1,600 kwa sh. 2,000 kila moja. Dizeli inakula sh. 300 kwa gunia, unabaki na 1,700. Fundi, vipuri na usafiri ni sh. 520,000, yawe magunia mengi au machache. Basi 1,600 × 1,700 ni 2,720,000. Toa 520,000, zinabaki 2,200,000. Juu ya rejesho una sh. 300,000 tu.

Sasa shusha kitu kimoja kimoja, vingine viache vilivyo:

- Magunia: 300,000 gawa kwa 1,700 ni 176. Yakishuka chini ya 1,424 (asilimia 11), rejesho halitimii.
- Bei: 300,000 gawa kwa 1,600 ni kama sh. 187. Ikishuka chini ya 1,813 (asilimia 9), umekwama.
- Dizeli: inaweza kupanda hadi sh. 487 kwa gunia, zaidi ya asilimia 60.

Watu wengi wanaogopa dizeli, kumbe hatari ipo kwenye bei. Mashine ya pili ikija kijijini, watu wataanza kushindana kwa bei.

Tena mambo hayashuki moja moja. Magunia 1,500 peke yake unahimili, bei ya 1,900 peke yake pia. Vikija pamoja, unabaki na 1,880,000, na rejesho limekushinda.

Halafu uliza wazee misimu kumi iliyopita ilikuwaje. Tuseme mitano mizuri (magunia 1,800), mitatu ya kawaida (1,600), miwili ya ukame (1,000). Zidisha kila kundi kwa misimu yake, jumlisha, gawa kwa kumi: 1,580. Faida ya wastani huo ni sh. 2,166,000, inatosha rejesho.

Lakini mkopeshaji hapokei wastani. Mwaka wa ukame unapata 1,180,000, pengo la sh. 720,000. Ukame ukija mwaka wa kwanza, bado hujaweka akiba ya msimu mzuri.

Kwa hiyo swali la kujibu kabla ya kukopa ni hili: hizo 720,000 zitatoka wapi? Kama ni mbuzi wa kuuza au akiba ya kikundi, endelea. Kama huna jibu, omba muda mrefu zaidi wa kulipa ili rejesho lipungue, au nunueni mashine wawili.