Mbwa Akibweka Katikati ya Neno

Mahojiano yaliyorekodiwa uani yanaweza kutoka safi kuliko yale ya chumbani. Hakuna kuta za karibu za kurudisha mwangwi, msemaji yuko mbele ya maikrofoni, upepo umetulia. Kisha, katikati ya sentensi ambayo mtu hataweza kuisema tena kwa hisia ileile, mbwa wa jirani anabweka mara moja. Au simu inalia mfukoni.

Zamani mhariri wa sauti alilazimika kuchagua: aitupe sentensi, au airushe hewani na mbwa wake. Chujio la kawaida halikumsaidia sana, kwa sababu likishusha sauti za kiwango fulani linashusha na sauti ya msemaji iliyo kwenye kiwango hichohicho. Mambo yalibadilika zilipokuja programu zinazomwezesha mhariri kuiona sauti na kuigusa kipande kwa kipande. RX ya kampuni ya iZotope, iliyotoka mwaka 2007, ndiyo iliyozoeleka zaidi katika vyumba vya uhariri wa filamu na redio.

Picha anayoifanyia kazi mhariri inaitwa spektrogramu. Muda unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Sauti nzito ziko chini, nyembamba ziko juu, na kadiri sauti inavyokuwa na nguvu ndivyo alama yake inavyong'aa. Kwenye picha hiyo irabu za binadamu zinaonekana kama mistari mingi iliyopangana, nayo hupindapinda, kwa kuwa hakuna mtu anayeongea kwa sauti iliyonyooka. Herufi kama "s" na "sh" hazina mistari. Zinaacha wingu juu, nguvu yake nyingi ikiwa zaidi ya hezi 2,500.

Mlio wa simu ya kawaida hauwezi kujificha hapo. Unachora mistari iliyonyooka kabisa, inayoanza ghafla na kuisha ghafla. Mbweko wa mbwa ni kitu kingine: ni doa fupi na pana, kwa kawaida halifiki nusu sekunde, na kwa mbwa wengi nguvu yake kubwa iko kati ya hezi 500 na 2,000. Huko ndiko ziliko pia irabu za binadamu. Kwa hiyo simu, ambayo masikioni inakera zaidi, ndiyo rahisi kuiondoa.

Tuseme mama mmoja anasimulia mafuriko na kusema: "Tulipofika shambani, maji yalikuwa yameshajaa." Mbwa amebweka kwenye "shambani", na simu imelia juu ya "yalikuwa".

Mhariri anaanza na simu. Kwanza anarekebisha jinsi picha inavyochorwa, kwa sababu programu hupima sauti kwa vipande vidogo, na urefu wa kipande unaamua kinachoonekana. Rekodi ikiwa na sampuli 48,000 kwa sekunde, kipande cha sampuli 4,096 kinachukua takriban milisekunde 85. Kwa urefu huo mistari ya simu inakuwa myembamba na inatengana vizuri na ya sauti ya mama, ingawa mwanzo na mwisho wake unafifia kidogo. Kwa mbweko atafanya kinyume: kipande cha sampuli 512, yaani milisekunde 11 hivi, kinaonyesha hasa mbwa alipoanza.

Mstari mkuu wa simu uko hezi 1,000, na juu yake kuna mingine kwenye 2,000, 3,000 na kuendelea. Wanaoanza kazi hii hufuta ule mkuu peke yake, kisha wanashangaa kwamba mlio bado unasikika, tena umekuwa mwembamba na wa kukwaruza. Mistari yote inatakiwa kuchaguliwa, kila mmoja kwa ukanda mwembamba, pamoja na mkia mfupi ambao mlio umeuacha hewani.

Katika dirisha la Spectral Repair la RX, mhariri anachagua Attenuate. Njia hii inalinganisha eneo lililochaguliwa na mazingira yake, kisha inashusha kile tu kinachozidi. Jirani yake, Replace, hutupa kila kilichomo na kujaza pengo kwa kubuni kutokana na kilicho kando. Juu ya neno la mtu ni hatari, kwa sababu inatupa na sauti ya mtu. Audacity, programu ya bure, ina Spectral edit multi tool, inayopunguza masafa yaliyochaguliwa bila kujaza chochote. Kwa mistari myembamba ya simu hiyo mara nyingi inatosha.

Mbweko unadai subira zaidi, na jambo la maana ni kutoushughulikia mzima mzima. Mhariri anaugawa kwa kufuata silabi. Sehemu iliyoangukia "sh" ni nafuu: sauti ya mama iko juu, ya mbwa iko chini, hivyo kila kilicho chini ya hezi 2,000 hapo kinaweza kushushwa sana bila neno kuumia. Sehemu iliyoingia kwenye "a" ndiyo yenye kazi, maana mama na mbwa wamekaa pamoja. Hapo anashusha kidogo, anasikiliza, anashusha tena. Si lazima mbwa aishe. Irabu yenye nguvu hufunika sauti hafifu iliyo karibu nayo, na sikio la msikilizaji halitaigundua. Kinachomsaliti mbwa ni mkia wake unaobaki baada ya neno, kwenye ukimya, na huo ndio wa kusafishwa kwa makini kuliko yote.

Ukimya wenyewe usifutwe ukawa tupu. Uwani kuna mvumo wa hewa, majani, barabara ya mbali. Pengo lisilo na kitu linasikika kama hitilafu. Ndiyo maana warekodi wazoefu huwaomba watu wanyamaze kwa nusu dakika kabla ya kuondoka, ili mhariri awe na mvumo halisi wa mahali pale wa kujazia.

Irabu ikikataa kabisa, Kiswahili kinatoa msaada mzuri. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu na hujirudia sana katika maongezi. Mama huyu huenda ametaja shamba dakika moja kabla. "Sha" ile, ikiwa imesemwa kwa kasi na mkazo unaofanana, inahamishwa hapa.

Kuna jaribio linaloonyesha kama kazi imezidi kipimo. Rekodi ya awali inawekwa juu ya iliyosafishwa, moja kati ya hizo ikiwa imegeuzwa polariti. Vyote vilivyo sawa vinafutana, na kinachobaki kusikika ni kile tu kilichoondolewa. Ukisikia mbwa peke yake, sawa. Ukisikia mama anaongea humo ndani, ameibiwa sauti, na kazi irudiwe kwa mkono mwepesi. Dalili nyingine ni milio ya kububujika kama maji kwenye rekodi iliyosafishwa. Hutokea eneo likishushwa kupita kiasi.

Rekodi iliyotumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp inasumbua zaidi, kwa sababu imeshabanwa na maelezo mengi ya sauti yametupwa. Ni heri kuomba faili la awali la WAV. Na mbwa akibweka karibu na maikrofoni hadi sauti ikapasuka, mpasuko huo hutawanyika juu na chini ya picha yote, na hakuna mstari wala doa la kuchagua. Hapo mama anaombwa arudie sentensi yake siku hiyohiyo, akiwa bado ameketi palepale, maikrofoni ikiwa haijasogezwa.